Kisanduku cha Mhojiwa wa Tisa

Katika idara ile kulikuwa na kanuni moja ambayo hata mfagizi wa ukumbi aliijua: neno lisilo na mstari haliingii kwenye jedwali. Mwanafunzi aliyewahoji watu kwa ajili ya tasnifu yake, akafika hatua ya kuyapanga maneno yao, alipaswa kuandika chini ya kila muhtasari namba ya ukurasa na ya mstari wa mahojiano alikoutoa. Mhojiwa asiposema, kisanduku chake kibaki bila neno. Atakayebainika kutia neno ambalo halikusemwa ataandika upya safu nzima, tangu mhojiwa wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kalamu, ndani ya chumba cha utafiti, mlango ukiwa wazi. Wala hatawasilisha kazi yake mpaka amalize. Hakuna aliyepata kusamehewa. Daktari mmoja wa mifupa, mtu mzima mwenye heshima zake, aliirudia safu yake kwa siku sita, na siku zote sita wanafunzi walipita mlangoni wakijifanya wanatafuta chaki.

Mwalimu aliyeilinda kanuni hiyo alikuwa mzee mwembamba ambaye miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi mweusi. Wanafunzi walimwita Bwana Mstari, kwa kuwa kila walipomletea jambo, zuri au baya, alijibu kwa swali moja: "Mstari gani?"

Miongoni mwa wanafunzi wake mwaka ule walikuwamo wanawake wawili wa ukoo mmoja. Wa kwanza alikuwa muuguzi mwenye miaka ishirini na mbili ya wodini, ambaye watu wote, hata mwalimu mwenyewe, walimwita Sista. Wa pili alikuwa mkunga, mdogo wa mume wa Sista, kwa hiyo wawili hawa walikuwa mawifi. Sista ndiye aliyemshawishi Mkunga aombe nafasi ya masomo. Ndiye aliyekaa naye mezani kujaza fomu, akamsahihishia barua yake mara tatu, akamwambia, "Usiogope, wifi, mimi niko mbele yako." Alisema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu wakati huo hakuwa na shaka kwamba angebaki mbele.

Sasa idara ilikuwa imetangaza nafasi moja ya mkufunzi msaidizi. Ingepewa mwanafunzi ambaye uwasilishaji wake wa matokeo mwishoni mwa muhula ungekuwa bora kuliko wa wenzake. Sista aliitaka nafasi hiyo kwa namna ambayo hakumwambia mtu. Magoti yake yalikuwa yameanza kuchoka na zamu. Tena alitaka, mara moja katika maisha yake, asimame mbele ya watu bila ya kushika bakuli la vifaa mkononi.

Shari ilianza siku ya Jumanne. Jedwali la Mkunga lilikuwa limebandikwa ukutani, karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi. Bwana Mstari alisimama mbele yake kwa muda mrefu, mikono nyuma. Akaivua miwani. Akaivaa tena. Mwisho akageuka na kusema, "Hili ndilo jedwali. Wengine mje mlisome."

Wanafunzi wakainuka. Sista hakuinuka. Kutoka kitini kwake, mwisho wa chumba, aliiona kazi ya wifi yake kama shamba lililolimwa kote, nyeusi kwa maandishi toka pembe hadi pembe. Hakuhitaji kuona zaidi. Aliinamisha kichwa na kujifanya anatafuta kalamu ndani ya mkoba.

"Sista, huji kuona?" aliuliza mfamasia mmoja mcheshi aliyekuwa darasa lao. "Wifi yako ametutia aibu sote."

"Nimeshaliona."

"Kwa macho ya mgongoni?"

Watu wakacheka. Mkunga naye alicheka, kicheko chepesi kisicho na ubaya, na hicho ndicho kilichomchoma Sista kuliko yote.

Jumapili mama mkwe alikuwa amezipata habari. Alizirudia mezani mara mbili kabla ya chakula na mara moja baada yake. "Mwanangu amesifiwa na profesa," alisema, ingawa Bwana Mstari hakuwa profesa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mwanamke mwenye haki, akamgeukia Sista: "Na wewe mkwe wangu, utafika tu. Kila mtu na mwendo wake."

Sista aliitikia, "Ahsante, mama," akaukata mkate vipande vidogo mno. Mumewe alimtazama, akatazama ule mkate, akaona ni salama zaidi kuuliza habari za mvua.

Wala kazi ya Sista haikuwa mbaya. Aliifanya kwa utaratibu uleule aliouzoea katika kugawa dawa. Alikuwa amewahoji watumishi kumi na wanane wa afya kuhusu kinachowafanya wabaki kazini au waache. Aliyasikiliza mahojiano yote tena na tena, huku akisoma maandishi yake, mpaka akawa anaweza kumtambua mhojiwa kwa namna anavyovuta pumzi. Kutokana na mahojiano ya kwanza machache, na kutokana na maswali aliyokwenda nayo, alitunga kiunzi cha mada: kila mada kuu na vijimada vyake, kila kimoja na namba yake. Kisha akapita mahojiano yote kumi na manane, akiandika namba hizo pembeni mwa mistari. Hapo ndipo alipolifikia jedwali: karatasi moja kwa kila mada kuu, mhojiwa mmoja kila safu mlalo, kijimada kimoja kila safu wima. Katika kila kisanduku aliweka muhtasari wa alichosema mtu yule juu ya jambo lile, kwa maneno machache, akihifadhi ndani ya alama za kunukuu maneno ya mhojiwa yaliyokuwa na uzito wake, na chini yake ukurasa na mstari.

Shida ilikuwa kwenye safu moja, iliyoitwa "Msaada wa wakubwa kazini." Katika wahojiwa kumi na wanane, kumi na wanne walikuwa wamesema jambo. Wanne hawakusema kitu. Visanduku vyao vilikuwa vyeupe, navyo vilimkodolea Sista macho kama meno yaliyong'oka.

Kabla ya Jumanne ile havikumsumbua. Baada yake hakuweza kuvitazama. Alijiona amesimama mbele ya idara na jedwali lenye mapengo, huku jedwali la wifi yake limejaa pomoni. Uchungu zaidi ni kwamba alijua kilichostahili kuwamo. Alikuwa amefanya kazi na watu hawa. Alijua ni nani aliyegombana na nani, na kwa nini. Na mhojiwa wa tisa, muuguzi wa chumba cha chanjo aliyeitwa Mama Chanjo, ndiye aliyemjua kuliko wote, kwa kuwa walianza kazi mwezi mmoja.

Siku ya mahojiano, alipoulizwa juu ya wakubwa wake, Mama Chanjo alisema, "Hebu zima hiyo mashine." Sista akazima kinasa sauti. Ndipo Mama Chanjo akamweleza jinsi muuguzi mfawidhi alivyomnyima likizo ya siku tatu mtoto wake alipolazwa. "Nilichanja watoto wa watu huku nikilia," alisema, "na wangu yuko ghorofa ya juu na dripu." Akafuta macho, akasema, "Haya, washa." Wakaendelea na habari za majokofu.

Sista aliketi mbele ya kompyuta asubuhi ya Jumatano iliyofuata na kujiambia kwamba jambo la kweli haliwezi kuwa uongo. Akajaza kisanduku cha tisa: *Alinyimwa likizo na mfawidhi mtoto alipolazwa, "nilichanja watoto wa watu huku nikilia."* Chini yake akaweka ukurasa wa kumi na moja, mistari miwili iliyokuwa karibu na pale mashine ilipozimwa. Vile vingine vitatu alivijaza kwa mambo aliyoyasikia ukumbini na chumba cha chai, akaviazimia mistari vilevile. Alipomaliza aliitazama safu. Ilikuwa nzuri ajabu. Yeyote aliyekuwa na mkubwa mkali alikuwa anafikiria kuacha kazi. Yeyote aliyekuwa na mkubwa mwema alikuwa anabaki. Hapakuwa na hata mmoja wa kuharibu mpangilio huo. Moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Ulikuwapo utaratibu mmoja zaidi. Kabla ya kuwasilisha, kila mwanafunzi alihakikiwa na mwenzake: mhakiki anachagua safu mlalo nne au tano apendavyo, anafuata kila kisanduku hadi kwenye mstari wake, kisha anatia sahihi kwenye karatasi ya uhakiki. Bwana Mstari, ambaye hakujishughulisha na mambo ya jikoni kwa watu, alikuwa amewapangia mawifi wahakikiane.

Walikutana Ijumaa mchana kwenye chumba cha wafanyakazi cha wodi ya wazazi, Mkunga akiwa kwenye mapumziko ya zamu. Chumba kilikuwa na sinki, birika la umeme, na kalenda iliyoachwa mwezi wa pili. Walibadilishana mafaili. Kwa muda palisikika karatasi tu, na nje mtoto mmoja aliyekuwa amezaliwa na malalamiko yake.

"Wifi," alisema Mkunga.

"Nakusikiliza."

"Huyu wa tisa. Ukurasa wa kumi na moja, mstari mia mbili kumi na mbili. Hapa anazungumzia glovu zilizokwisha."

"Soma mbele kidogo."

"Nimesoma mbele. Nimesoma na nyuma. Baada ya hapo umeandika 'mashine ilizimwa kwa ombi la mhojiwa', halafu ni majokofu mpaka mwisho." Alinyanyua uso. "Likizo iko wapi?"

"Labda nimekosea namba."

"Basi nipe iliyo sahihi, niandike. Sina haraka."

"Wewe umechagua safu ya tisa kwa nini? Kati ya kumi na nane, umeona ya tisa tu?"

"Nimefumba macho nikaweka kidole, wifi. Kama tulivyofundishwa."

"Kidole chako kina macho, basi."

Mkunga aliweka kalamu chini polepole. "Una nini na mimi siku hizi? Nyumbani hunisemeshi. Darasani unanikwepa. Nimekukosea, niambie."

"Umkosee nani wewe? Wewe umesifiwa mbele ya kadamnasi. Umebaki kunitafutia doa ili uwe peke yako huko juu. Niambie tu: nafasi ile unaitaka kiasi gani?"

"Naitaka sana," alisema Mkunga bila kupepesa. "Kama unavyoitaka wewe. Lakini siwezi kutia sahihi hapa." Akaisogeza karatasi ya uhakiki katikati ya meza, mahali pa sahihi pakiwa peupe. "Sitamwambia mtu. Hili si langu kulisema. Ila sahihi yangu sitoi."

Kengele ya dharura ikalia, na Mkunga akaondoka mbio kwenda kwa mwanamke aliyekuwa akimhitaji kweli.

Sista alibaki na faili la wifi yake mikononi. Sasa alikuwa na njaa, si ya chakula. Angelipekua jedwali hili kisanduku kwa kisanduku, na mahali fulani angepata neno lisilo na mstari, hata kama ni moja, na kwa neno hilo wangekuwa sawa. Hakufumba macho kuchagua safu. Alizianza zote.

Kwa saa nzima alifuata mistari. Kila mmoja ulikuwa mahali pake. Mhojiwa wa pili, ukurasa wa nne, mstari wa tisini: upo. Mhojiwa wa sita, maneno yaliyonukuliwa: yapo, hadi ule "eeh" wa katikati. Wivu wake ukageuka polepole kuwa kitu kibaya zaidi, yaani heshima asiyoitaka.

Kisha akagundua jambo ambalo mtu yeyote aliyeinuka siku ile ya Jumanne alikuwa amekwisha kuliona. Jedwali la Mkunga halikuwa limejaa. Lilikuwa na mapengo mengi kuliko la kwake. Weusi alioudhani kutoka mbali kuwa maelezo ulikuwa, katika visanduku vingi, maandishi madogo ya aina mbili tu, yaliyorudiwa kwa mkono uleule wa uvumilivu: *hakuulizwa*, au *aliulizwa, hakusema*. Kila kisanduku kisicho na neno kilikuwa na aina yake ya unyamavu. Pembeni, kwa penseli, Mkunga, ambaye naye aliwauliza wahojiwa wake juu ya wakubwa wao, alikuwa ameandika: *Wanaonyamaza kuhusu wakubwa ni wale wanaofanya kazi chumba kimoja nao. Kunyamaza si kusema hakuna tatizo. Tusidai zaidi ya hapo.* Na chini ya maneno hayo ulikuwapo mwandiko uliosimama wima wa Bwana Mstari: *Vema sana.*

Sifa ile yote, basi, ilikuwa ya mapengo. Sista alikuwa ameyaziba ya kwake ili amfikie mtu aliyesifiwa kwa kuyaacha wazi. Alicheka mara moja, kwa sauti kavu, peke yake na birika.

Mtu mwingine angefuta visanduku vinne jioni ile na kunyamaza. Lakini akili ya Sista, iliyokwisha kuonja ule mpangilio mzuri, ilitafuta mlango mwingine. Kama Mama Chanjo angekubali kuyasema tena, mashine ikiwa imewashwa, kisanduku kingepata mstari wake wa halali, na wifi yake angelazimika kutia sahihi. Jumatatu asubuhi akaenda chumba cha chanjo na kinasa sauti mfukoni.

Mama Chanjo alikuwa akipanga vichupa kwenye sanduku la baridi. Benchi la nje lilikuwa tayari limejaa akina mama. "Karibu, msomi," alisema. "Umekuja kunitembelea au kunihoji?"

"Vyote kidogo. Yale uliyoniambia ya likizo. Nataka tuyarudie kidogo, niyarekodi."

Mikono ya Mama Chanjo ilisimama. "Ya nini?"

"Yana uzito sana kwenye kazi yangu. Jina lako halitakuwepo. Wewe ni namba tu."

"Namba tisa, muuguzi wa chanjo, mtoto alilazwa." Mama Chanjo alihesabu kwa vidole vyenye glovu. "Hospitali hii ina wauguzi wa chanjo wangapi? Ngoja nikusaidie. Wawili. Na mwenzangu hana mtoto."

Sista alikisukuma kinasa sauti chini zaidi mfukoni.

"Mfawidhi atasoma mara moja tu, shoga yangu. Mara moja." Kisha uso wake ukabadilika, kwa kuwa alimjua Sista miaka mingi. "Umeshaandika?"

"Kwenye jedwali tu. Halijatoka nje. Wifi yangu amelisoma, lakini ni mtu wa kunyamaza."

"Nilikuambia wewe," alisema Mama Chanjo, polepole, kama mtu anayesoma kipimo cha dawa. "Sikuiambia mashine. Niliomba uizime, ukaizima. Nikajua ninazungumza na rafiki." Akafunga kifuniko cha sanduku. "Wa kwanza, ingia!"

Mama mmoja akaingia na mapacha wake, na Sista akatoka akipishana nao mlangoni.

Uwasilishaji ulikuwa Alhamisi. Chumba cha utafiti kilikuwa na viti ishirini na feni moja iliyozunguka kwa kusita. Bwana Mstari alikaa mbele na mafaili. Mkunga alikuwa mstari wa pili, macho kwenye mapaja yake. Sista alikuwa wa tatu kwenye orodha. Alikuwa amelala vibaya siku tatu, lakini alikuwa amepiga pasi gauni lake, na jedwali lake, likiwa na visanduku vyote kumi na vinane vya safu ile vimejaa, lilikuwa limekunjwa mkononi. Hadi dakika ile hakuwa ameamua.

Bwana Mstari alifungua faili lake. "Karatasi ya uhakiki haina sahihi," alisema. "Mkunga, wewe ndiye mhakiki. Kulikoni?"

Mkunga alisimama. Alimtazama wifi yake kwa nukta moja, kisha akamtazama mwalimu.

"Sijamaliza, mwalimu," alisema. "Kosa ni langu. Zamu zilinibana. Naomba nipewe wiki moja, Sista awasilishe baada ya hapo."

Mlango ulikuwa wazi, basi. Wiki moja ilitosha kufuta visanduku vinne kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Bwana Mstari alikuwa amekwisha kuinua kalamu kuandika tarehe mpya.

Na hapo, lazima isemwe kama ilivyokuwa, si wema peke yake uliomwinua Sista. Alikuwa ameyabeba maneno ya Mama Chanjo tangu Jumatatu, na yalikuwa yanamlemea. Lakini kilichomfanya asimame ni kwamba hakuweza kustahimili kuokolewa na wifi yake. Amzidi kwa jedwali, amzidi kwa sifa, sasa amzidi na kwa huruma pia, kisha kila Jumapili waketi meza moja, Mkunga akijua na kunyamaza na kumpitishia chumvi? La. Afadhali aumbuke.

"Wifi yangu amemaliza," alisema. "Alimaliza tangu Ijumaa. Amekataa kutia sahihi, na amefanya sawa."

Kalamu ya Bwana Mstari ilisimama hewani. "Mstari gani?" aliuliza.

"Hakuna mstari, mwalimu. Safu ya msaada wa wakubwa. Wa tatu, wa tisa, wa kumi na mbili, wa kumi na saba. Hawakusema. Nimewasemea."

"Umetunga?"

"Sikutunga. Ya watatu niliyasikia kazini. Wa tisa aliniambia mwenyewe, baada ya kuniomba nizime mashine."

Hapo Bwana Mstari aliivua miwani, ikaanguka kifuani kwa uzi wake. "Kutunga ingekuwa nafuu," alisema. "Anayetunga huwa amejiibia mwenyewe. Wewe umechukua cha mtu aliyekwambia usichukue." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Kwa nini? Wewe ni mtu wa mpangilio."

"Nililionea wivu jedwali la wifi yangu," alisema Sista. "Wala sikuwa nimelisoma."

Mahali fulani nyuma mfamasia alifungua kinywa ili aseme utani, akafikiri, akakifunga. Mkunga alikuwa bado amesimama, akilia bila sauti, na Sista, kumwona hivyo, hakujua kama anataka kumkumbatia au kumwambia aketi.

"Kanuni unaijua," alisema Bwana Mstari.

"Naijua."

"Anza Jumatatu." Akageuza ukurasa. "Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Mkunga. Aliwasilisha huku pua imemziba, akasahau kauli moja, akaikumbuka, na bado alikuwa bora kuliko wote. Nafasi ikawa yake. Mama mkwe aliitisha watu Jumapili, na Sista alikwenda. Alipofika mbele ya wifi yake alisema, "Hongera, wifi," na akasema vizuri. Mkunga alimshika mkono kwa muda zaidi ya kawaida. "Wifi, kile chumba kina joto," alimnong'oneza. "Nikuletee feni yangu ndogo?"

"Usithubutu," alisema Sista. Wote wawili wakacheka, mmoja zaidi ya mwenzake.

Jumatatu alianza. Mbele yake ziliwekwa karatasi kubwa, kalamu, na mahojiano kumi na manane. Sharti lilikuwa asisome tu pale palipowekwa namba za mada, bali asome kila mahojiano toka neno la kwanza, kwa maana huenda jambo la wakubwa lilisemwa mahali asipolitazamia. Alisoma. Aliandika. Mlango ulikuwa wazi. Wanafunzi walipita wakitafuta chaki, ingawa idara haikuwa imetumia chaki kwa miaka kadhaa.

Siku ya pili alimkuta mhojiwa wa tatu akisema juu ya mkubwa wake katikati ya habari za usafiri, sentensi moja ambayo kalamu yake iliiruka mara ya kwanza. Ilikuwa kinyume kabisa cha alichomwandikia: mkubwa huyo alikuwa akimpa lifti kila jioni. Na huyohuyo alisema anaacha kazi mwaka huu. Mpangilio wake mzuri ulivunjika pale, kwa haki, na Sista akaiandika sentensi hiyo na namba ya mstari wake.

Asubuhi ya siku hiyohiyo Mkunga alipita mlangoni na funguo mpya za ofisi. Hakusimama, kwa adabu. Sista alizisikia funguo zikilia mpaka mwisho wa ukumbi, na ule wivu ukamrudia, si kwa nguvu ile ya kwanza, lakini ulikuwapo. Alingoja upite. Kisha akashika kalamu.

Siku ya tano alimaliza. Alimwita Bwana Mstari, naye akaja akavaa miwani, akaweka kidole mahali popote, akafuata mstari, akaweka kidole kwingine, akafuata. Alifika kwa mhojiwa wa tisa. Kisanduku kilikuwa na maneno mawili: *aliulizwa, hakusema*. Chini yake palikuwa na ukurasa na mstari ambapo swali liliulizwa, na ambapo mashine ilizimwa.

Mzee alikitazama kisanduku hicho kwa muda mrefu kuliko vingine. Hakusema "vema." Alichukua kalamu mkononi mwa Sista, akatia sahihi chini ya safu, akaandika tarehe, akamrudishia kalamu yake. Kisha akatoka, na alipotoka akaufunga mlango.